Ukungu wa Usiku Mtulivu

Ukungu ni wingu lililoumbika juu ya ardhi. Kinachoonekana ndani yake si mvuke, maana mvuke wa maji hauna rangi wala hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni matone ya maji yaliyo madogo mno, mengi yakiwa na upana wa kama sehemu moja ya hamsini ya milimita. Tone la kadiri hiyo huanguka kwa mwendo wa sentimita moja hivi kwa sekunde, na hewa ikipanda kidogo tu huliinua tena. Ndiyo sababu ukungu huonekana umetanda na kusimama, ingawa matone yake hayaachi kushuka.

Maji yenyewe ni machache kuliko mtu anavyodhani. Katika mita moja ya ujazo ya ukungu mzito huwa na kiasi cha gramu 0.2 za maji. Chumba chenye mita tatu kwa nne na dari ya mita mbili na nusu kikijaa ukungu huo, maji yote yaliyomo hayazidi gramu sita, yaani kijiko cha chai na ziada kidogo. Lakini maji hayo yamegawanyika kuwa matone zaidi ya bilioni moja, na kila tone hutawanya mwanga unaolifikia. Dereva anayewasha taa kubwa ndani ya ukungu huona ukuta mweupe mbele yake kwa sababu hiyo hiyo: mwanga mwingi wa taa zake humrudia yeye mwenyewe kabla haujafika barabarani.

Kwa kipimo cha wataalamu wa hali ya hewa, ukungu ni pale matone hayo yanapozuia mtu kuona umbali wa kilomita moja. Kipimo hicho ni cha kuona tu, hakisemi lolote kuhusu namna ukungu ulivyozaliwa. Na njia za kuzaliwa ni kadhaa. Upo ukungu unaotokea hewa yenye joto na unyevu inapopita juu ya bahari baridi, na upo unaoletwa na hewa inayopanda mlima. Unaotokea usiku wenye ubaridi na utulivu una asili yake mwenyewe, na mahali pazuri pa kuufuatilia ni Embakasi, Nairobi, ulipo Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Uwanja huo uko kwenye tambarare iliyo wazi, mita 1,620 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri nyingine ukungu wake huwalazimu marubani kugeuza ndege kwenda kutua Mombasa.

Tuseme ni jioni ya msimu wa mvua. Mchana kulinyesha, udongo bado umelowa, kisha mawingu yakatawanyika na jua likazama kwenye anga safi. Hewa ina nyuzijoto 18. Katika joto hilo, mita moja ya ujazo inaweza kuwa na gramu 15.4 za mvuke na si zaidi. Jioni hii ina gramu 12.1 tu, kwa hiyo hewa haijashiba. Lakini uwezo huo hupungua kadiri joto linavyoshuka, na katika nyuzi 14 kikomo ni gramu 12.1 kamili. Hewa ileile, bila kuongezewa hata chembe ya maji, itakuwa imeshiba ikifika hapo. Joto hilo ambalo hewa hushiba huitwa nukta ya umande. Ikipoa nyuzi moja zaidi, kikomo hushuka hadi gramu 11.4, na gramu 0.7 hukosa nafasi. Sehemu ya ziada hiyo huganda kwenye majani kuwa umande. Inayobaki hewani, hata ikiwa ni theluthi yake, inatosha kuufunga uwanja mzima.

Basi swali lote ni nini kinachoipoza hewa ya Embakasi nyuzi tano katika usiku mmoja, tena karibu na ardhi tu. Jibu liko juu angani. Ardhi, kama kila kitu chenye joto, hutoa mionzi isiyoonekana usiku na mchana. Mchana jua hulipa zaidi ya kinachopotea. Usiku malipo hayapo, na ardhi huendelea kutoa. Anga nayo hurudisha sehemu ya joto hilo, lakini kiasi cha kurudisha hutegemea kilichomo: mawingu mazito na ya chini hurudisha karibu yote, ilhali anga safi huachia sehemu kubwa ipotee. Kwa hiyo usiku wa nyota nyingi huwa wa baridi kuliko usiku wa mawingu, hata kama mchana uliotangulia ulikuwa na joto lilelile.

Mtu aliyelithibitisha jambo hili kwa vipimo alikuwa daktari wa tiba, William Charles Wells, aliyechapisha kitabu chake kuhusu umande mjini London mwaka 1814. Alikuwa akiweka nje usiku vifundo vidogo vya sufi vyenye uzito uleule, kisha kuvipima asubuhi vimebeba maji kiasi gani. Kifundo alichokiweka juu ya ubao, wazi mbele ya anga, kilikusanya umande mwingi kuliko kile alichokifunga chini ya ubao huohuo. Kama umande ungekuwa unashuka kama mvua, au unapanda kutoka kwenye udongo, matokeo hayo yasingeeleweka vizuri. Yanaeleweka mara moja ikikubalika kwamba kitu kinachoitazama anga hupoteza joto, na kilichofunikwa hakipotezi kiasi hicho. Ni jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulirudia kwa pamba na mizani nzuri, na bado ndilo ufunguo wa somo hili.

Hewa yenyewe haipoi upesi kama ardhi. Inayopoa kwanza ni majani na udongo, kisha hewa inayovigusa, kisha hewa iliyo juu kidogo ya hiyo. Usiku ukiendelea, utaratibu wa mchana hupinduka: badala ya baridi kuongezeka kadiri mtu anavyopanda, tabaka la chini ndilo lenye baridi na la juu yake ndilo lenye joto. Hewa baridi ni nzito, kwa hiyo haina sababu ya kupanda. Hubaki pale pale chini ikiendelea kupoa, na mahali penye mteremko hutiririka polepole kwenda mabondeni. Ndiyo sababu ukungu wa aina hii huanzia kwenye mabonde, vinamasi na kingo za mito, wakati nyumba zilizo juu ya kilima bado zinaona nyota.

Upepo una nafasi yake hapa, na mara nyingi hueleweka nusu tu. Wengi wanajua kwamba upepo mkali huzuia ukungu. Upepo wa mita tano kwa sekunde au zaidi huchanganya hewa baridi ya chini na ile yenye joto iliyo juu, na tabaka la chini halipati nafasi ya kufika kwenye nukta ya umande. Kisichojulikana sana ni kwamba utulivu kamili nao huzuia ukungu. Hewa isipotikisika kabisa, ni tabaka jembamba tu la sentimita chache linalogusa majani ndilo linalopoa vya kutosha, na maji yake huishia kuwa umande. Nyasi zitalowa chapachapa, na hewa iliyo juu yake ibaki safi. Umande ukiwa mwingi huikausha hewa ya chini, na hivyo kuunyang'anya ukungu maji ambayo ungeyatumia. Kinachohitajika ni upepo dhaifu sana, wa mita moja hivi kwa sekunde, ambao mtu hausikii usoni ila huuona kwa moshi wa jikoni unaolala upande badala ya kupanda wima. Mwendo huo huusambaza ubaridi hadi mita kadhaa juu ya ardhi bila kuuleta joto kutoka juu.

Hata hewa iliyoshiba haiumbi matone bila kitu cha kushikia. Mwaka 1880 Mskoti John Aitken alionyesha kwamba mvuke ukiingizwa katika chombo chenye hewa ya kawaida, ukungu hutokea papo hapo, lakini hewa hiyo ikichujwa vumbi lake kwa pamba, haionekani hata dalili ya ukungu. Chembe za moshi, chumvi ya bahari na vumbi laini ndizo mbegu za matone. Hewa ya nje haikosi mbegu hizo, hivyo si uhaba wake unaozuia ukungu. Wingi wake ndio wenye athari. Karibu na jiji lenye magari, majiko ya mkaa na mioto ya takataka, maji yaleyale hugawanywa kwa matone mengi zaidi na madogo zaidi, na matone mengi madogo huziba macho kuliko machache makubwa. Ukungu wa mjini basi unaweza kuwa mzito kuliko wa shambani hata kama maji yake ni sawa.

Mbegu hizo pia ndizo zinazoeleza ukungu mwepesi, ule unaofifiza vilima vya mbali bila kuvificha. Chembe za chumvi na za moshi hupenda maji, na huanza kuyavuta kutoka hewani kabla hewa haijashiba. Unyevu ukikaribia asilimia 100, chembe hizo huvimba kwa maji na kuanza kutawanya mwanga, lakini bado ni ndogo mno kuliko matone ya ukungu halisi. Kwa hesabu za usafiri wa anga, mtu akiona kuanzia kilomita moja hadi tano kwa sababu ya chembe hizi zilizolowa, huo ni ukungu mwepesi. Akiona chini ya kilomita moja, ni ukungu. Mpaka huo umewekwa na watu kwa urahisi wa kazi, kwani hali moja huingia katika nyingine bila kishindo, na usiku mmoja unaweza kuanza kwa ukungu mwepesi saa sita, ukawa ukungu saa kumi, na kurudi kuwa mwepesi baada ya jua kuchomoza. Hata hivyo mabadiliko makubwa yapo. Hewa ikishiba kabisa, baadhi ya chembe huvuka kikomo na kukua haraka kuwa matone kamili, na ndipo uwezo wa kuona unapoporomoka kutoka kilomita mbili hadi mita mia tatu kwa muda mfupi.

Mwanzoni ukungu wa usiku mtulivu huwa mwembamba, pengine hauzidi kimo cha mtu. Hapo una hatari ya pekee kwa marubani. Ndege ikiwa juu, rubani hutazama chini moja kwa moja kupitia mita mbili tatu za ukungu, na barabara ya ndege na taa zake zote huonekana wazi. Akishuka ili atue, macho yake sasa hutazama mbele, yakipita mamia ya mita ndani ya tabaka lilelile, na barabara hutoweka wakati ambao anaihitaji zaidi. Wafanyakazi walioko kwenye mnara wa kuongozea ndege nao huweza kuwa juu ya ukungu, wakiona mwezi na mikia ya ndege ikichomoza kutoka kwenye weupe.

Ukungu ukiendelea kunenepa, jambo jipya hutokea. Matone nayo hutoa mionzi ya joto, na yakiwa mengi vya kutosha huifunika ardhi kama mawingu yanavyoifunika. Ardhi huacha kupoa, na pengine hupata joto kidogo kutoka kwenye udongo wa chini. Kuanzia hapo kinachoitazama anga ni uso wa juu wa ukungu. Huo ndio unaopoteza joto, na hewa iliyopozwa pale juu huzama na kuvurugika ndani ya ukungu wote. Ukungu sasa hujilisha wenyewe na kukua kwenda juu hadi mita mia moja au mia mbili. Hii ndiyo sababu ukungu ulioanza saa tisa usiku huwa mgumu kuondoka kuliko ule ulioanza muda mfupi kabla ya mapambazuko.

Mwenendo wa asubuhi huonekana vizuri katika ripoti fupi ambazo viwanja vya ndege hutoa. Mfano ufuatao umetungwa kwa muundo wa ripoti hizo, ili kuonyesha asubuhi moja ya namna hii Embakasi:

```
METAR HKJK 100300Z 00000KT 0300 FG VV001 13/13 Q1021
METAR HKJK 100500Z 08004KT 3000 BR BKN004 15/14 Q1022
METAR HKJK 100630Z 09007KT 9999 BKN016 18/14 Q1022
```

HKJK ni alama ya uwanja, na 100300Z ni tarehe 10, saa ya dunia, ambayo kwa Nairobi ni saa kumi na mbili alfajiri. 00000KT maana yake ni kwamba upepo umetulia. Mtu anaona mita 300 tu, na FG ni alama ya ukungu. VV001 inaeleza kwamba hata akitazama juu haoni zaidi ya futi 100. Namba mbili 13/13 ni joto la hewa na nukta ya umande: zimelingana, hewa imeshiba. Saa mbili asubuhi upepo umeanza kuvuma kidogo kutoka mashariki, joto limepanda hadi nyuzi 15, na mtu anaona mita 3,000. FG imeondoka na mahali pake pana BR, alama ya ukungu mwepesi. Lakini imeongezeka BKN004: zaidi ya nusu ya anga imefunikwa na wingu ambalo tako lake liko futi 400 juu, yaani mita 120 hivi. Kufikia saa tatu na nusu mtu anaona kilomita kumi au zaidi, na wingu limepanda hadi futi 1,600.

Wingu hilo la saa mbili ni ukungu wa alfajiri ulioinuka. Mwanga wa jua hupenya ukungu na kuipasha ardhi, ardhi huipasha hewa inayoigusa, na matone ya chini hukauka kwanza. Ukungu hautoweki kuanzia juu kama inavyofikiriwa mara nyingi. Huachana na ardhi, ukabaki umeelea, na papo hapo jina lake hubadilika kuwa wingu la chini. Kimo cha tako lake kinaweza hata kukisiwa. Hewa inayopanda kabla ya kushiba hupoa karibu nyuzi moja kwa kila mita 100, na nukta yake ya umande nayo hushuka polepole, kwa hiyo kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto na nukta ya umande ni sawa na mita 125 za kimo. Tofauti ya nyuzi moja saa mbili hutoa mita 125. Tofauti ya nyuzi nne saa tatu na nusu hutoa mita 500. Namba za ripoti zinaafikiana na hesabu hiyo.

Wingu la chini, hata hivyo, halihitaji kuanza kama ukungu. Wakazi wa Nairobi wanalijua vizuri la mwezi wa Julai, lile dari la kijivu linaloziba jua hadi adhuhuri. Msimu huo upepo baridi kutoka kusini-mashariki hupanda polepole kuelekea nyanda za juu, na hewa inayopanda hupoa kwa kupanuka, kwa kuwa kadiri inavyokwenda juu shinikizo la hewa hupungua. Hapa anga safi na ardhi inayopoteza joto havihusiki. Dari hilo hasa huwa kinga dhidi ya ukungu wa usiku mtulivu, kwa sababu huirudishia ardhi joto lake na kuizuia kufika kwenye nukta ya umande. Julai yenye ubaridi mwingi mchana basi haina lazima ya kuwa na ukungu mwingi Embakasi.

Mtu akitoka Embakasi asubuhi kama hiyo na kupanda kuelekea Limuru, kaskazini-magharibi mwa jiji, ataona tofauti hiyo ikiyeyuka mbele ya macho yake. Tuseme hewa ya uwanjani ina nyuzi 16 na nukta ya umande 12. Tako la wingu litakuwa mita 500 juu yake, yaani mita 2,120 juu ya usawa wa bahari. Limuru iko zaidi ya mita 2,200. Kwa aliye mjini, hilo ni wingu la chini. Kwa anayechuma majani ya chai Limuru, au dereva wa lori anayeelekea Nakuru, ni ukungu, na kwa kipimo cha kilomita moja wote wawili wamesema kweli. Kreta ya Ngorongoro nchini Tanzania hutoa picha hiyo kwa ukali zaidi: asubuhi nyingi ukingo wake, ulio kama mita 600 juu ya sakafu, huzama katika weupe usioruhusu kuona mita hamsini, wakati wanyama walioko chini wanalisha kwenye hewa safi.

Aliyeko ndani ya weupe anaweza kutambua ni upi. Ukungu wa usiku mtulivu hukaa mabondeni na huwa na uso wa juu uliosawazika. Upepo ukianza huchanika. Ukungu wa mlimani, ambao ni wingu lililogota kwenye mteremko, hukaa juu na kuacha mabonde wazi, na upepo haulifukuzi kwa sababu ndio unaolileta. Humo mtu husikia hewa ikipita, huona vipande vikizito na vikipungua, na mara nyingi hulowa kwa manyunyu. Miti nayo hukamua maji kutoka kwenye wingu linalopita na kuyadondosha chini hata siku isiyo na mvua, kama inavyotokea katika msitu wa mlima Marsabit, uliozungukwa na nyika kame.

Kutabiri ukungu wa mlimani ni rahisi kwa kiasi, maana upepo na kimo vinapimika. Ule wa usiku mtulivu bado huwasumbua watabiri. Hutazama kama mvua imelowesha udongo, nukta ya umande ni ipi jua linapozama, upepo utakuwaje na mawingu yatakuwaje, kisha hukadiria kama hewa itapoa hadi chini ya nukta hiyo kabla ya mapambazuko. Kosa la nyuzi moja katika makadirio hayo linatosha kugeuza usiku wa umande kuwa usiku wa ukungu. Na hata ukungu ukishatanda, tabaka la mawingu likiingia juu yake saa kumi za usiku huzuia uso wake wa juu kupoteza joto. Joto la udongo hupanda kutoka chini, matone huanza kukauka, na uwanja unaweza kufunguka kukiwa bado giza, bila upepo wala jua.